Taiti iliyoteremka na kisigino cha soksi kilichopanda: nilivyojifunza kusoma saizi

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nafika kazini nimevaa vizuri, na kabla ya saa sita mchana taiti imeshateremka. Nazungumzia zile nyembamba za nailoni zinazoanzia vidoleni hadi kiunoni. Lastiki ya kiunoni ilikuwa inajikunja na kuviringika kama kamba, na kile kiraka cha katikati ya mapaja kilishuka inchi mbili tatu chini ya mahali pake. Kila nikinyanyuka kitini ilinibidi nitafute faragha niivute.

Nilijua jibu, au nilidhani nalijua. Nguo inayoteremka ni kubwa. Sketi ikishuka unaipunguza kiuno, suruali ikishuka unafunga mkanda. Nilikuwa navaa saizi M kwa sababu magauni yangu yote ni M, basi nikanunua S. Ile S iliteremka kabla ya saa nne, na jioni yake ikatoboka kwenye kidole gumba cha mguu.

Dada yangu mkubwa, ambaye ameshona na kufuma kwa miaka mingi, ndiye aliyeniambia nisimame mbele yake nikiwa nimeivaa. Hakuangalia kiunoni. Aliangalia kifundo cha mguu, kisha goti, kisha paja. Akajaribu kubana kitambaa kwa vidole viwili nyuma ya goti, kikakataa kushikika.

“Mdogo wangu, hii haishuki kwa kuwa ni kubwa,” akasema. “Inashuka kwa kuwa ni fupi. Imevutwa juu mpaka imechoka, sasa inarudi kwao.”

Maneno hayo, inarudi kwao, yalinifungulia jambo zima. Taiti ni kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi. Ukikivuta kwa urefu kuliko kinavyoweza kukaa, kila hatua unayopiga na kila mara unapokunja goti, vitanzi vinafanya kazi ya kujirudisha. Vidoleni haviwezi kwenda popote, maana mguu umezuia. Upande ulio huru ni kiunoni, kwa hiyo kiuno ndicho kinachoshuka. Taiti kubwa mno nayo ina dalili zake, lakini ni nyingine kabisa: inafanya makunyanzi kwenye kifundo cha mguu na nyuma ya goti, na ukikaa kitambaa kinabaki kimejaa mikunjo juu ya magoti. Ukiona makunyanzi chini, punguza. Ukiona kiuno kinashuka na chini kumekaza, ongeza.

Baada ya hapo niligeuza pakiti na kusoma kile kijedwali cha nyuma ambacho sikuwahi kukipa hata dakika moja. Upande mmoja kina urefu wa mtu kwa sentimita, upande mwingine uzito kwa kilo, na ndani vyumba vyenye herufi. Mimi nina sentimita 174 na kilo 62. Nikaweka kidole kwenye 62, nikakipeleka hadi safu ya urefu wangu. Kwenye pakiti ile, mtu wa kilo 62 alikuwa M mpaka sentimita 168, na kuanzia hapo alikuwa L. Mimi mwembamba, ambaye hakuna duka lililowahi kunipa gauni la L, nilikuwa L.

Dada naye akaweka kidole chake. Ana sentimita 158 na kilo 74, mfupi na mnene wa mapaja. Kidole kikatua kwenye L ileile.

Tulikaa na jambo hilo kwa muda, maana ukituweka pamoja hatufanani hata kidogo. Dada akachukua taiti iliyochakaa, akatia alama mbili za kalamu kwenye mguu wake, halafu akaivalisha juu ya chupa nene. Kitambaa kilipopanuka, zile alama mbili zilisogeleana kwa zaidi ya upana wa kidole. Hapo ndipo uzito unapoingia. Kilo hazimwambii mtengenezaji lolote ila unene wa miguu na nyonga, na kitambaa cha kufumwa kikipanuka kinajilipa kwa kupungua urefu. Dada anahitaji L kwa sababu mapaja yake yanakula upana, na upana unakula urefu. Mimi nahitaji L kwa sababu miguu yangu inakula urefu moja kwa moja. Ndiyo maana mistari ya saizi kwenye jedwali hukatiza kimshazari, na ndiyo maana kipimo kimoja peke yake hakitoshi.

Jedwali lina mpaka wake. Halijui kilo zako zimekaa wapi. Mtu mwenye kifua kikubwa na miguu myembamba ataambiwa achukue saizi ambayo itamfanyia makunyanzi kifundoni, na mwenye kiuno chembamba na nyonga pana anaweza kuambiwa achukue ndogo. Pakiti nyingine zinaandika pia mzunguko wa nyonga. Mimi nikiukuta, nauamini kuliko uzito. Nikiwa kwenye mstari kati ya saizi mbili, nachukua kubwa bila kujadiliana na nafsi, kwa sababu makunyanzi machache kifundoni yanavumilika, lakini taiti fupi haivumiliki na pia inatoboka mapema. Jedwali la mtengenezaji mmoja halihamishiki kwa mwingine. Na kama limeandikwa kwa futi, inchi na ratili, nabadilisha kabla sijaweka kidole: inchi moja ni sentimita 2.54, na ratili moja ni chini kidogo ya nusu kilo, gramu 454.

Watu pia huchanganya saizi na ile namba ya deni, 15 au 40 au 80. Deni ni uzito wa uzi, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Inakuambia taiti itaonyesha ngozi kiasi gani. Haikuambii itakutosha.

Siku niliyovaa L ya kwanza, dada alinionya nisiivute kwa kiuno. Unaikusanya mguu mzima mpaka vidoleni, unakalisha kisigino mahali pake, unapandisha hadi goti, unahamia mguu wa pili, halafu unarudi kugawa kitambaa kidogo kidogo juu ya paja. Ukianza kwa kuvuta kiuno, urefu wote unabaki umebanwa chini ya goti na hata saizi sahihi itateremka. Jioni ile nilirudi nyumbani lastiki ikiwa pale pale nilipoiweka asubuhi.

Kwa sababu hiyo nikaanza kuangalia soksi zangu kwa jicho lilelile, na huko nikakuta kosa la kinyume.

Navaa kiatu namba 39. Soksi zangu za pamba, nene kidogo, zilikuwa za pakiti iliyoandikwa 39–42, na sikuona sababu ya kulalamika kwa kuwa namba yangu imetajwa wazi. Lakini ile sehemu ya kisigino iliyofumwa kama mfuko ilikuwa inapanda juu ya kisigino changu, inajitokeza kama uvimbe juu ya kiatu, na mbele ya vidole kulibaki kitambaa kinachokunjika ndani ya kiatu na kunisugua. Kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa anavaa 42, aliazima jozi moja na ikamkaa barabara.

Ukipiga hesabu unaona kwa nini. Katika namba hizi za Ulaya, kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kutoka 39 hadi 42 ni hatua tatu, yaani sentimita 2 kamili. Soksi ni moja tu kwa safu yote hiyo, na kinachofidia ni mvuto wa uzi. Pamba nene yenye lastiki kidogo haina mvuto wa kumeza sentimita 2, kwa hiyo aliye chini ya safu anabaki na ziada, na ziada hiyo inakwenda kisiginoni na vidoleni. Soksi nyembamba yenye nailoni na lastiki ya kutosha ingenikumbatia bila shida hata kwa namba hizo hizo.

Nilijaribu 35–38 ya pamba ileile. Kisigino kilivutwa chini hadi kwenye wayo, vidole vikabanwa, na baada ya wiki chache kitambaa kikaanza kulika kwenye kidole gumba. Hiyo ndiyo alama ya soksi ndogo: mfuko wa kisigino unakuwa chini ya mguu badala ya nyuma yake.

Suluhisho halikuwa katika safu hizo mbili. Watengenezaji hawakati safu mahali pamoja. Wapo wanaoandika 35–38 na 39–42, wapo wanaoandika 36–40 na 41–45, na wengine 37–39. Nilianza kutafuta pakiti ambayo 39 iko katikati au karibu na juu, nikapata 36–40. Kisigino kikakaa kisiginoni. Tangu hapo sijiulizi tena kama namba yangu imo ndani ya safu. Naangalia imekaa wapi ndani yake. Kwa soksi za pamba hilo lina faida ya pili, maana pamba husinyaa ikifuliwa kwa maji ya moto, na aliye ukingoni mwa juu kabisa atauhisi msinyao huo kwanza.

Kosa moja lilinigharimu pakiti nzima. Kaka alipohamia viatu vikubwa zaidi, namba 9 ya Kiingereza, ambayo ni kama 43 ya Ulaya, nilimletea pakiti yenye maandishi makubwa 9–11. Alivaa moja tu, kisigino kikaishia katikati ya wayo. Nilipoisoma pakiti kwa utulivu niliona mistari miwili. Ile 9–11 ilikuwa saizi ya soksi, na chini yake, kwa herufi ndogo, ndiko kulikoandikwa saizi ya kiatu, ya wanawake, 4 hadi 10. Katika mtindo huo wa Kimarekani, namba ya soksi inafuata urefu wa mguu kwa inchi, haifuati kiatu.

Nikamwambia asimame juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, uzito wote juu ya mguu. Nikatia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote na kupima kwa rula. Sentimita 28, ambazo ni inchi 11. Alikuwa juu kabisa mwa safu ya 9–11, pamoja na kwamba namba ya kiatu chake ilikuwa chini kabisa mwake. Safu yake ni 10–13. Zile nilizonunua nilizichukua mimi: mguu wangu ni sentimita 24.5, kama inchi 9.6, karibu na katikati ya pakiti.