Ninavyowaandaa wagonjwa wa Mbeya kwa wiki tano za mionzi

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuwaandaa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi kabla hawajashuka Dar kupigwa mionzi. Swali la kwanza huwa lile lile: "Sista, si wanipige yote siku moja nirudi nikavune viazi?"

Huanza na mionzi yenyewe. Ikipita kwenye seli hugonga maji yaliyomo, yakazaa chembe kali zinazokata DNA. Uzi mmoja ukikatika, seli huuunga upesi kwa kufuata uzi wa pili. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, mara nyingi seli ya saratani hushindwa kuunga, ikafa baadaye inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana uvimbe huendelea kunywea hata mionzi ikiisha.

Seli zenye afya za utumbo nazo hukatwa, ila hujitengeneza vizuri zaidi zikipewa angalau saa sita. Kwa hiyo dozi hugawanywa, ikipimwa kwa grei: mpango wa kawaida wa mionzi ya nje ni grei 50 kwa mafungu 25, yaani grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano.

Taabu huanza mgonjwa akiruka siku. Seli za saratani zilizosalia huzaliana, na fungu lililokosekana halifidiwi kwa kupiga grei 4 kesho yake. Kwa hesabu inayotumika kulinda utumbo, grei 2 zina uzito wa 3.3, lakini grei 4 za mkupuo zina uzito wa 9.3, karibu mara tatu. Kinachowezekana ni kupigwa Jumamosi, au mara mbili kwa siku moja kwa kupishanisha saa sita au zaidi, mashine ikiwa na nafasi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Safari ya "kusalimia watoto tu" wikiendi huishia kula Jumatatu. Afadhali watoto wapigiwe simu.

Sehemu ninayoifanyia mazoezi kabisa ni kibofu. Siku ya kupanga tiba, mgonjwa hupigwa picha za CT akiwa amelala vile vile atakavyolala kila siku, kisha huchorwa vidoa vya wino. Juu ya picha hizo daktari huchora uvimbe, huongeza ukingo wa usalama, na huchora pia kibofu, utumbo na njia ya haja kubwa ili visizidishiwe dozi. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo mwembamba kando. Kikiwa kitupu siku ya tiba, kizazi huhama, utumbo hushuka kwenye mionzi, na mama huanza kuharisha kuliko ilivyotarajiwa.

Hapa tunafanya hivi: anakojoa, anakunywa karibu nusu lita ya maji, anakaa nusu saa bila kwenda chooni. Kituo kikitoa kipimo chake, hicho ndicho cha kufuata. Akibanwa kabla ya zamu yake, amwambie fundi wa mionzi kabla ya kupanda kitandani, wala asiende kujisaidia kimya kimya.