Elfu 27 na chai ya saa nne

Mwaka 2018 nilikuwa mwandishi wa matangazo katika wakala mdogo, Kinondoni, Dar es Salaam. Tulipewa kazi na vijana waliotengeneza programu ya uhasibu kwa ajili ya wenye maduka. Walitaka kaulimbiu moja tu, ya bango na ya redio. Karatasi ya maelekezo waliyotuletea ilisema faida kuu ya programu yao ni "usuluhishi wa benki unaofanyika kiotomatiki kila siku". Niliisoma mara tatu, na kila mara nilifika mwisho wa sentensi bila kuona kitu chochote kichwani. Hapakuwa na mtu wala mahali, wala kitu cha kushika.

Siku nne nilijaza kurasa. "Hesabu zako, kisasa zaidi." "Simamia fedha kwa urahisi." Bosi wangu alizisoma akanirudishia. Akanikumbusha iPod ya kwanza ya mwaka 2001: diski yake ilikuwa ya gigabaiti 5, lakini Apple waliwaambia watu wataweka nyimbo 1,000 mfukoni. "Gigabaiti haihesabiki na mtu wa kawaida, wimbo unahesabika," alisema. "Sasa wewe nenda kanitafutie huo usuluhishi wa benki, mwenye duka anauhesabu kwa kitu gani?"

Nikaenda Kariakoo, kwa mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla, aliyekuwa jirani ya mama yangu mdogo. Nilimwomba nikae dukani kwake siku atakayokuja mhasibu wake. Alinijibu, "Njoo tarehe 18, mwanangu. Siku hiyo hatulali." Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo hesabu za mwezi uliopita huwa zinakimbizwa siku hizo za mwisho.

Nilifika saa kumi jioni. Mhasibu alikuwa mzee mwenye miwani, anayezunguka maduka kama sita kwa mwezi. Nilimwamkia, akanionyesha kiti pembeni ya marobota. Mbele yake kulikuwa na daftari la benki la mama, lile la jalada gumu lenye mistari myekundu, na kando yake taarifa ya benki iliyochapwa, kurasa tano zilizobanwa kwa pini. Binti wa dukani alimletea chai ya maziwa na chapati. Akashukuru, akaisogeza kando.

Alinieleza anachofanya huku akifanya. Daftari la mama linasema benki kuna shilingi 4,420,000. Benki yenyewe inasema 4,080,000. Namba hizi mbili karibu kila mwezi hazilingani, na si lazima kuwe na wizi. Kazi yake ni kueleza kila shilingi ya tofauti hiyo ilikotoka, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa usuluhishi wa benki.

Alianza na upande wa benki. Mama alipeleka 500,000 jioni ya siku ya mwisho ya mwezi, benki ikaziingiza siku iliyofuata, hizo aliziongeza. Kulikuwa na hundi ya 150,000 aliyompa fundi wa rafu, na fundi alikuwa bado hajaipeleka benki, hiyo aliitoa. Upande wa benki ukawa 4,430,000. Akaja kwenye daftari. Benki ilikata ada 17,000 ambazo mama hakuwa amezijua, akazitoa, daftari likabaki na 4,403,000.

Hapo kila kitu kilitakiwa kilingane. Kikapungua 27,000.

Mama aliposikia aliacha kukunja kitenge. "Imepotea?" Mzee akajibu taratibu, "Haijapotea, mama. Imekosewa kuandikwa. Ngoja tuitafute."

Akachukua kikokotoo, akagawanya 27,000 kwa 9. Ikatoka 3,000, bila baki. Akanigeuzia kile kioo kidogo nione. Mtu anapoandika tarakimu mbili zinazofuatana kwa kuzigeuza, alisema, tofauti inayotokea siku zote hugawanyika kwa 9. Na jibu linakuambia zaidi: hapa limetoka 3, na liko kwenye maelfu, kwa hiyo tafuta namba ambayo tarakimu ya makumi elfu na ya maelfu zimepishana kwa 3. Inaweza kuwa 41 na 14, 52 na 25, 63 na 36. Haina maana kwamba lazima ni kugeuza tarakimu, kwa sababu makosa mengine nayo yanaweza kutoa tofauti ya namna hiyo, ila unaanza kuchimba pale penye udongo laini.

Tukaanza kupiga tiki. Yeye alisoma mstari wa taarifa ya benki, mimi nikatafuta kwenye daftari, tukatia alama kwa penseli pande zote mbili. Mwezi ule ulikuwa na mistari zaidi ya mia, na tarehe hazikufuatana vizuri kwa sababu mama huandika siku anayopata ujumbe wa mteja, benki inaandika siku fedha zinapoingia. Duka likafungwa nusu, mlango wa chuma ukashushwa hadi magotini. Nilitazama ile chai. Ilikuwa imetanda utando wa maziwa, wa rangi ya kahawia, umekunjamana katikati, na chapati juu ya kisahani imekauka kingo.

Saa mbili na nusu usiku tuliipata. Tarehe 3, mteja wa Morogoro aliweka benki 85,000. Kwenye daftari, kwa mwandiko wa mama mwenyewe, ilikuwa 58,000.

Mama alishika daftari akalisogeza chini ya taa. Hakusema juu ya muda wala uchovu. Alisema, "Na mimi nilimpigia huyu kaka nikamwambia amepunguza. Nikamdai elfu 27 mbele ya mke wake." Akakaa kimya. "Ningeijua kesho yake tu. Kesho yake asubuhi, nisingempigia."

Nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Hadi saa hiyo nilikuwa nadhani faida ya ile programu ni kupunguza kazi ya mhasibu. Kumbe kosa lile lilikaa mwezi mmoja na nusu bila kuonekana, na ndani ya muda huo likamgombanisha mama na mteja aliyelipa fedha zake zote.

Usiku ule nilipata kaulimbiu ndani ya daladala: "Ukifunga duka, hesabu imeshafungwa." Nilifurahi nayo mno, kwa sababu Kiswahili chenyewe kilikuwa kimenipa kufunga mara mbili. Bosi aliipenda. Kesho yake tukaipeleka kwa wale vijana, na yule aliyeandika programu yenyewe akaisoma akatikisa kichwa.

"Dada, ni tamu, lakini si kweli."

Aliniwekea wazi. Programu haioni fedha pale zinapoingia. Benki inatoa faili la miamala ya siku mara moja, usiku, na programu inalivuta alfajiri. Mama akifunga duka saa moja jioni, miamala ya siku hiyo bado haijafika. Halafu programu inalinganisha kwa kiasi, kwa tarehe zinazokaribiana, na kwa namba ya muamala kama ipo. Mstari ukipata mwenzake unatiwa tiki. Usipopata, unawekwa kwenye orodha ya mistari isiyo na mwenzake, na lazima mtu aiangalie aamue. Ile 85,000 ya Morogoro isingerekebishwa na programu. Ingebaki upande wa benki peke yake, na 58,000 ingebaki upande wa daftari peke yake, zote mbili zikimtazama mama.

Nilimpigia yule mzee mhasibu kumuuliza juu ya neno lenyewe. Akaniambia kwa upole kwamba kufunga hesabu ni kitu kingine kabisa: mwisho wa kipindi, madeni yameingizwa, mali imehesabiwa. "Ukimwambia mama hesabu imefungwa, ataacha kuniita, na ataumia."

Nikaifuta. Iliniuma, kwa sababu bado naamini ilikuwa na mdundo mzuri kuliko iliyoifuata. Lakini bango lingesimama barabarani likiahidi kitu ambacho programu haifanyi, na anayeliamini angekuwa mtu kama mama yule.

Kwa hiyo nilirudi kwenye kile kilichokuwa kweli. Programu haifungi hesabu wala haisahihishi kosa. Inaonyesha kwamba kuna kitu hakijalingana, na inaonyesha asubuhi inayofuata. Neno "kesho yake asubuhi" mama alikuwa ameshanipa. Kilichobaki ni kuipa asubuhi hiyo kitu cha kushika, na nilikuwa nacho tangu jioni ile, kimetanda utando pembeni ya daftari. Niliandika:

"Kosa la jana, lione kabla ya chai."

Wateja wetu walisita kwenye neno "kosa". Mmoja wao alitaka "tofauti", kwa sababu hakuna anayependa kuambiwa amekosea. Nilipinga kwa nguvu zangu zote. Tofauti ni neno la mhasibu. Mwenye duka usiku wa tarehe 18 anatafuta kosa, hatafuti tofauti. Yule mwandishi wa programu akaniunga mkono, akasema hata kwenye skrini wangebadilisha kichwa cha ile orodha kiwe "Haijapata mwenzake", badala ya "Miamala isiyosuluhishwa".

Kabla haijachapwa niliipeleka Kariakoo. Mama aliisoma kwenye karatasi, akairudia kwa sauti, kisha akaniuliza, "Chai ipi?"

Sikumwelewa.

"Mimi nyumbani nakunywa chai saa kumi na moja alfajiri, kabla sijatoka. Hilo faili la benki litakuwa limefika?"

Nikampigia kijana pale pale dukani. Akasema kwa kawaida linakuwa tayari saa kumi na mbili, siku nyingine linachelewa hadi saa mbili, na miamala ya Jumamosi mara nyingi inaonekana Jumatatu. Nikamweleza mama vile vile, na habari ya Jumamosi.

"Basi andika saa nne," akasema. "Chai ya saa nne hata mtoto anaijua."

Nikaongeza maneno matatu kwa kalamu, juu ya kaunta ile ile. "Kosa la jana, lione kabla ya chai ya saa nne." Mama akaisoma tena, akanirudishia karatasi, akamgeukia mteja aliyekuwa anauliza bei ya doti.