Waifai ya gesti ilivyonitoa jasho
Jana nimefika gesti, naunga waifai inakubali ila apu zote kimya, nikirudi kwenye bando kila kitu kinafunguka. Ule ukurasa wa kuweka namba ya chumba hautokei kabisa. Nikamlaumu dada wa mapokezi bure, kumbe simu imeandika kwa maandishi madogo Private DNS server cannot be accessed. Nikakumbuka mwenyewe kwenye Private DNS, ile setingi ya seva ambayo simu inaiuliza anwani za tovuti, niliwekaga dns.adguard-dns.com kuzuia matangazo, na hiyo inapita poti 853 ambayo waifai ya pale imeifunga mpaka ulogini kwanza. Nikaingia setingi, Private DNS nikaiweka Automatic, ambayo ikishindwa inarudi njia ya kawaida, nikazima waifai nikawasha, ukurasa huo ukaja wenyewe. Ila matangazo nayo yamerudi jamani 😩