"Pampu iliungua na mlinzi": nilivyoacha kuandika "makosa yalifanyika"

Mimi ni katibu wa kamati ya jengo letu hapa Tudor, Mombasa. Tuna nyumba 16, tangi la chini linalojazwa na maji ya bomba siku yakija, na pampu inayoyapandisha kwenye matangi ya juu. Agosti 2023 mota ya pampu iliungua. Kila nyumba ikatoa shilingi 600, fundi akaifunga waya upya kwa 9,500, na kwa siku nne tukawa tunanunua maji ya boza. Kwenye kumbukumbu za mkutano wa tarehe 13 mwezi huo niliandika hivi:

"Kulifanyika makosa katika usimamizi wa pampu na ikaungua. Ilikubaliwa kwamba suala lifuatiliwe na hatua zinazofaa zichukuliwe."

Niliiona sentensi ya maana sana. Ina adabu, haimkeri mtu, na inafanana na kumbukumbu zote tulizofundishwa kuandika shuleni. Oktoba tulipokutana tena tukafika kwenye yatokanayo, nikaisoma kwa sauti. Mwenyekiti akauliza, "Haya, limefuatiliwa?" Tukatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayefuatilia, na sentensi yangu haikumkosoa yeyote. Mota yenyewe ilikuwa imeanza kunuka tena siku mbili kabla.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilimpelekea daftari jioni ile. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, hapa umeandika mkutano usiokuwa na watu. Hebu ongeza jina la mtendaji kwenye hili neno ungua."

Nikajaribu: "Pampu iliungua na mlinzi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi tumzike lini huyo mlinzi?"

Nilielewa hapo hapo kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote. Kwa Kiswahili tuna njia mbili za kumficha mtendaji, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Kauli ya kutendwa, kama "pampu iliunguzwa", inamficha mtu lakini inamwachia mlango: unaweza kuuliza "na nani?" na jibu likaingia bila kubadilisha kitu. Maneno kama "iliungua", "iliharibika", "kulifanyika", "ilitokea" hayana mlango huo. Ukiweka "na" hapo, inageuka kuwa "pamoja na", na mlinzi anaungua na pampu. Mambo yanajitendekea yenyewe, kama mvua. Ndiyo maana "makosa yalifanyika" inateleza ulimini kirahisi hivyo.

Mwalimu akaniambia tatizo si letu peke yetu. Rais Reagan wa Marekani alipolihutubia Bunge lao Januari 1987, kashfa ya kuiuzia Iran silaha ikiwa imepamba moto, alikiri kwamba makosa makubwa yalifanyika. Aliyeyafanya hakutajwa katika sentensi hiyo.

Basi akanipa kazi ya kuishusha sentensi yangu ngazi mbili. Kwanza nitoe "iliungua" niandike "iliunguzwa", ili swali la "na nani" lipate pa kukaa. Kisha nijibu swali hilo na kumweka mtu mbele: "fulani aliunguza". Nikaenda nyumbani nikafanya hivyo kwa bidii, na ndipo nilipoharibu.

Niliandika: "Mlinzi aliunguza pampu." Fupi, ina mtendaji, ina kitendo. Nikaisambaza kwa wanakamati asubuhi. Kufika adhuhuri watu wawili walikuwa wameshapendekeza afukuzwe. Saa kumi mlinzi mwenyewe akanigongea mlango, mzee wa makamo ya babangu, kofia mkononi.

"Mwanangu, mimi niliwasha saa kumi na moja alfajiri kama nilivyoambiwa niwashe kila siku. Kuna aliyeniambia tangi la chini likiwa tupu nisiwashe? Mimi najua ile floti ndiyo kazi yake."

Alikuwa na haki. Floti ni lile boya dogo linaloelea ndani ya tangi. Maji yakishuka chini ya kiwango, linakata umeme ili pampu isizunguke kavu. Pampu ikizunguka bila maji, sili inayozuia maji yasivuje inaungua kwanza, kisha mota inapata moto. Floti yetu ilikuwa imekufa. Mimi nilimtaja mtu aliyegusa swichi mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kuonekana. Sentensi ikawa ya kutenda, mtu akatajwa, na bado ikadanganya.

Kwa hiyo nilirudi nyuma nikaanza kuuliza swali jingine: kabla ya huyu, nani alijua nini? Nilimpigia fundi. Akasema aliona floti imekwama mwezi wa sita alipokuja kubadilisha vali, akamwambia mwenyekiti pale pale langoni. Nikamwuliza mweka hazina, akasema hakuombwa pesa ya floti. Sikumwuliza mwenyekiti kwa simu. Mambo mengine mtu huyasema vizuri akiwa amekaa.

Kwenye mkutano wa tarehe 12 Novemba nilisema kwamba sitaandika tena "makosa yalifanyika", na kwamba kila mtu aseme sehemu yake mwenyewe, mimi niandike maneno yake. Mwenyekiti alikunja uso. "Katibu, wataka kunitia kitanzini mbele za watu?"

"La, Ami. Nataka kuandika kilichotokea. Ukisema wewe, itakuwa sentensi yako, si yangu."

Alikaa kimya kidogo, akapangusa kipaji, kisha akasema: "Andika. Niliambiwa na fundi mwezi wa sita kwamba floti imekufa. Sikumwambia mweka hazina wala mlinzi. Nilisahau."

Angalieni sentensi yake ya kwanza. "Niliambiwa" ni kauli ya kutendwa, lakini haifichi kitu: aliyeambia katajwa, aliyeambiwa katajwa, na aliyeambiwa ndiye anayesema. Kuibadilisha iwe "Fundi aliniambia" kungeusogeza uzito kwa fundi. Niliiacha ilivyo. Tangu siku hiyo siwindi kiambishi cha kutendwa kila kinapotokea. Nikiandika "Mkutano ulifunguliwa kwa dua", hakuna anayesubiri kazi yoyote kutoka kwa aliyeomba dua. Na bomba letu la nje lilipokatwa usiku wa Desemba, niliandika "lilikatwa" kwa sababu hatukumjua aliyelikata. Kumtaja mtu hapo ingekuwa kusingizia.

Kwa hiyo habari ya pampu ikasomeka hivi: "Mwenyekiti aliambiwa na fundi mwezi wa sita kwamba floti imekufa, akasahau kumwambia mweka hazina na mlinzi. Agosti mlinzi aliwasha pampu bila kujua kwamba tangi ni tupu, ikazunguka kavu hadi mota ikaungua." Ni ndefu kuliko "makosa yalifanyika", lakini ukiisoma unaona mahali pawili pa kuziba: floti yenyewe, na habari iliyokwama langoni.

Sehemu ya pili ilinipa taabu zaidi, ile ya yatakayofanyika. "Lifuatiliwe", "zichukuliwe", "ihakikishwe": katika kumbukumbu zangu za nyuma nilihesabu maneno ya namna hii 11 kwenye kurasa mbili. Nilidhani dawa ni kuweka mtendaji, nikaandika "Kamati itafuatilia suala la floti." Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yangu, akagusa kalamu yangu kwa kidole. "Kamati ina mikono mingapi?" Kumi. Tuko watano. Na "tutafuatilia" nayo ni vile vile. Hiyo "tu" ni chaka zuri la kujificha watu watano. Kisarufi ni sentensi za kutenda kabisa, lakini huwezi kumfuata "kamati" Jumatatu asubuhi umwulize amefikia wapi.

Halafu kuna kitenzi chenyewe. Kufuatilia ni nini? Mtu akinunua floti amefuatilia, na mtu akiitazama floti akaguna naye amefuatilia. Nilianza kuuliza mkutanoni, kabla kalamu haijagusa karatasi: nani, atafanya kitu gani kinachoonekana kwa macho, lini, na nani atajua kwamba kimefanyika. Mwanzoni watu walichoka nami. Mama wa nyumba namba saba alisema, "Huyu katibu sasa kawa askari." Lakini hatukutoka pale bila hii:

"Mweka hazina atanunua floti mpya Mwembe Tayari kabla ya Ijumaa tarehe 17 Novemba, kwa bei isiyozidi shilingi 2,500, na atampa katibu risiti. Mwenyekiti atampigia fundi simu leo usiku kumwita aje kuifunga Jumamosi tarehe 18. Mlinzi atafungua kifuniko cha tangi la chini kila alfajiri kabla ya kuwasha pampu. Maji yakiwa chini ya alama nyekundu hatawasha, na atamwambia mwenyekiti."

Ile alama nyekundu haikuwepo. Mlinzi ndiye aliyeuliza, "Na chini ya kiasi gani?" Kwa hiyo tukaongeza sentensi: "Katibu atapaka alama nyekundu ndani ya tangi kesho." Yaani mimi. Ndivyo unavyojua sentensi imeiva: anayetakiwa kuifanya kazi anauliza swali la kikazi, haulizi kama anahusika.

Kuna mpaka mmoja niliuwekea sheria. Siandiki jina la mtu asiyekuwepo. Mara moja tulimpa kazi ya kufagia dari la juu kijana wa nyumba namba tatu, naye alikuwa Voi wiki nzima. Sentensi ilikuwa safi, na dari likabaki na majani yake. Sasa kama mhusika hayupo, naandika nani atamwuliza na lini, basi. Na mtu akikataa kazi, siilazimishi kwa kalamu. Naandika kwamba haijapata mtu, kisha mkutano uamue.

Januari tulifika kwenye yatokanayo. Zamani sehemu hiyo ilikula nusu saa ya kubishana nani alitakiwa kufanya nini. Safari hii nilisoma jina, mtu akajibu: nimenunua, risiti hii hapa, naangalia kila alfajiri. Fundi hakuwepo, lakini floti ilikuwa inafanya kazi, tuliijaribu kwa kulishusha boya kwa mkono na pampu ikakata.

Nikafika kwa mwenyekiti. Alikuwa ameahidi kubandika namba ya simu ya fundi kwenye kibanda cha mlinzi. Akatazama chini.

"Sijabandika," akasema. "Andika hivyo hivyo. Nitabandika leo tukitoka hapa."

Nikaandika. Tulipotoka, mlinzi alikuwa keshatoa selotepu mfukoni.