Tufe linawaka jekundu, kilele chake hakionekani

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Tufe jeusi lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 limepashwa moto hadi nyuzi 727 za selsiasi. Linatoa nguvu kiasi gani kwa mnururisho, na kilele cha mawimbi yake, yaani urefu wa wimbi linalotolewa kwa nguvu zaidi, kiko wapi? Tulichukulia kuwa ni gimba jeusi kamili, yaani linameza mionzi yote inayoliangukia. Kanuni nilikuwa nazo, ya Stefan na Boltzmann na ile ya Wien:

```
P = 4πr²σT⁴      σ = 5.67×10⁻⁸ W/m²K⁴
λ = b / T        b = 2.898×10⁻³ m·K
```

Mara ya kwanza niliingiza 727 moja kwa moja nikapata wati 498 hivi. Jibu halikuwa na dalili yoyote ya ubaya, na hapo ndipo hatari ilipo. Kilichonishtua ni jaribio dogo nililolifanya baadaye: niliweka nyuzi 50 chini ya sifuri, na kanuni ikanipa nguvu ileile ya nyuzi 50 juu ya sifuri, kwa sababu kipeo cha nne hufuta alama ya kutoa. Barafu haiwezi kunururisha sawa na maji ya moto. Joto lazima lihesabiwe kutoka sifuri halisi, kwa kelvini. Nikaongeza 273 na kupata 1,000 K, na nguvu ikawa wati 1,781, zaidi ya mara tatu na nusu ya jibu langu la kwanza.

Mazingira nayo hunururisha. Yakiwa na 300 K, yanalirudishia tufe wati 14 tu, kwa hiyo hapa unaweza kuyasahau. Lakini tufe hilohilo likiwa na nyuzi 50 hutoa wati 19 na kupokea hizo 14, likabaki linapoteza 5. Ukiyasahau hapo, umekosea vibaya.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kugawanya kulinipa kilele cha maikromita 2.9, ndani kabisa ya infraredi. Jicho linaishia karibu na maikromita 0.7. Sasa mbona kitu chenye joto hilo huonekana chekundu? Kwa siku kadhaa niliamini nimekosea hesabu, kwa sababu nilikuwa nikikichukulia kilele kana kwamba ndiyo rangi ya kitu.

Nilipata njia nilipoacha kutazama kilele peke yake, nikaichora grafu nzima kwa kanuni ya Planck, inayotoa ukali wa mnururisho kwa kila urefu wa wimbi, nukta kwa nukta kwa kikokotoo. Kwa 1,000 K, kimo cha grafu kwenye maikromita 0.7 ni kama moja ya elfu tano ya kimo cha kileleni. Ni mkia mwembamba sana, lakini haujafika sifuri, na tufe linatoa karibu wati 1,800, kwa hiyo hata mkia huo jicho linauona. Kisha nikapiga hesabu ya bluu, maikromita 0.45: ni moja ya elfu kumi ya ile nyekundu. Basi jicho linapata nyekundu karibu tupu. Ukingo wa mkia ndio unaotupa rangi, na kilele kiko mbali kwenye giza.

Niliongeza joto hadi 2,000 K. Nguvu yote ikapanda mara 16, kama kipeo cha nne kinavyodai, na kilele kikasogea hadi maikromita 1.45, bado infraredi. Lakini mwanga wa maikromita 0.7 uliongezeka karibu mara 29,000! Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kabla ya kuikubali. Kilele kinaposogea upande wa mawimbi mafupi, mkia wake hupanda kwa kasi isiyolingana kabisa na jumla. Kwenye uso wa Jua, wenye takribani 5,772 K, kilele kimeshaingia ndani ya mwanga unaoonekana, karibu na maikromita 0.5.

Hesabu hizi ni za gimba jeusi. Uso wa kweli hutoa pungufu: ukiwa na kizidishi cha utoaji cha 0.8, zile wati 1,781 zinakuwa 1,425, na chuma kilichosuguliwa kikang'aa hushuka chini zaidi ya hapo.

Jioni moja nilizima taa za chumba, nikawasha jiko la umeme lenye koili hadi likawa jekundu, kisha nikalizima nikiwa nimeweka kiganja pembeni yake, mbali kidogo. Wekundu ulififia na kupotea mapema, lakini kiganja kiliendelea kuhisi moto. Gimba jeusi likishuka kutoka 1,000 K hadi 700 K, nguvu yote hubaki karibu robo, ilhali mwanga wa maikromita 0.7 hupungua karibu mara 6,700. Kiganja changu kilikuwa kikipokea ile robo.