Kumbukumbu ya mradi: sababu ya kweli ndo iliyoniharibia swali

Limekubali. Swali moja. Wiki tatu nzima nimekaa na swali moja la desimali, na orodha niliyokuwa nimepanga ya maswali 12 bado ina maswali 11 ambayo sijayagusa, ila leo silalamiki.

Kwa wanaoandika maswali ya aina hii sina haja ya kueleza sana, sehemu ya kwanza mtoto anachagua jibu, sehemu ya pili anachagua sababu ya jibu lake, na alama haipatikani mpaka zote mbili zikae sawa. Mtafiti wa elimu ya sayansi David Treagust alishaandika hatua zake tangu 1988 na mimi nilizifuata kwa adabu zote: kwanza nikawapa watoto swali lenye nafasi wazi ya "kwa sababu...", nikakusanya walichoandika, nikapanga sababu zinazofanana kwenye mafungu, afu hizo ndo nikazigeuza kuwa machaguo. Sikutunga sababu kichwani. Ndo maana nilipokwama nilishindwa hata kujua nimekosea wapi.

Swali lenyewe toleo la kwanza lilikuwa hivi. Ipi kubwa: A. 0.6, B. 0.45, C. zinalingana. Sababu: 1. 45 ni kubwa kuliko 6. 2. Sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia. 3. Sehemu 6 za kumi ni sawa na sehemu 60 za mia, na 60 inazidi 45. 4. Yenye tarakimu nyingi baada ya nukta ndo kubwa.

Mtego niliokuwa nautega ni ule wa sababu namba 2. Wote tunamjua mtoto anayesema 0.45 ni kubwa kwa kuwa 45 inazidi 6, huyo anakamatwa hata na swali la kawaida. Yule anayenisumbua ni mwenzake wa upande wa pili, anayeamini kwamba desimali fupi daima ni kubwa kwa sababu vipande vya kumi ni vinene na vya mia ni vyembamba. Huyu ukimpa 0.6 na 0.45 anapata! Anapata kabisa, na kwenye karatasi ya kawaida anakula vema na anaondoka na ugonjwa wake mfukoni. Sasa si ndo kazi ya sehemu ya pili hiyo?

Nikawapa watoto 36. Waliochagua A walikuwa 29, na kati yao 17 wakachagua sababu namba 2. Nikafurahi, nasema ukweli, nikajiona daktari. Watu 17 wamejificha nyuma ya jibu sahihi, nimewatoa wote nje.

Kesho yake nikaita wachache mmojammoja kuhakikisha, nikawawekea 0.3 na 0.45. Wa kwanza, mvulana, akasema 0.3 kubwa, "za mia ni vipande vidogo vidogo mwalimu." Safi, huyo ndo niliyekuwa namtafuta. Wa pili, msichana, naye ni wa wale 17, akasema 0.45 bila kufikiri mara mbili, na maelezo yake yamenyooka: hapa kuna 4 za kumi, pale kuna 3. Nikamuuliza mbona jana ulichagua namba 2? Akanitazama kama mimi ndo sielewi. "Lakini mwalimu, si ni kweli? Sehemu ya kumi si kubwa kuliko sehemu ya mia?"

Ni kweli. Hapo nikaishiwa nguvu. Sentensi niliyoiweka kama alama ya ugonjwa ni sentensi ya kweli tupu, haina kosa lolote, kosa liko kwenye kuitumia peke yake bila kuhesabu vipande viko vingapi. Mvulana aliichagua kwa sababu ndiyo anayoitumia, msichana aliichagua kwa sababu ni kweli, na kwangu wote wawili wameangukia chumba kimoja. Wale 17 wangu nikawa sijui tena wangapi ni wagonjwa na wangapi ni wazima waliokaa kwenye foleni ya wagonjwa.

Toleo la pili nikajaribu kuitia uongo sababu yenyewe, nikaandika "Desimali yenye tarakimu chache ni kubwa siku zote." Hakuna aliyeigusa. Hata yule mvulana hakuigusa! Nilipomuuliza akasema swali likiwa na "siku zote" huwa ni la uongo. Watoto wameshafanya mitihani mingi, wanazijua tabia zetu kuliko tunavyojijua. Toleo la tatu nikarefusha ile sababu sahihi iwe kamili, vipande vina ukubwa gani na viko vingapi, ikawa mistari miwili wakati zingine zote ni nusu mstari, na wote wakakimbilia huko, maana ndefu kuliko zote ndo jibu, hiyo nayo wanaijua. Nikatupa.

Hapa nipumue kidogo niseme habari ya vifaa. Nilianza na fomu ya mtandaoni, ile unayoweza kuipangia kwamba mtoto akichagua A aende ukurasa wa sababu za A, akichagua B aende wa sababu za B. Kwa macho inapendeza, kwa kazi hii mimi nimeiacha. Kwanza ukimwonyesha sababu za A tu umeshamzuia kukuonyesha kwamba jibu lake na sababu yake havipatani, na baadaye mtaona kwamba huko kwenye kutopatana ndiko nilikopata dawa. Pili anaweza kurudi nyuma, anasoma sababu, hazimpendezi, anabadilisha jibu. Kwenye karatasi moja nako ni yaleyale, anasoma sababu kwanza afu anapanda juu kuchagua jibu linaloendana nayo. Sasa hivi natumia vikaratasi viwili: cha kwanza jibu tu, nakikusanya, afu ndo nagawa cha pili chenye sababu zote kwa wote. Kelele darasani zinaongezeka, ila data ni safi.

Turudi kwenye tatizo. Kilichonitoa kwenye shimo ni yule msichana na lile swali lake la "si ni kweli?" Maana nilikuwa nauliza "kwa nini", na mtoto ukimuuliza kwa nini anatafuta sentensi ya kweli inayofanana na mada. Nikabadilisha nikauliza "ulifanyaje mpaka ukapata?" Sababu zote zikageuka kuwa vitendo vya mtu wa kwanza, na kitendo hakina kweli wala uongo, ama ulikifanya ama hukukifanya.

Namba nazo nikazibadilisha. Namba mbili hazitoshi kwa sababu wenye makosa ni makundi mawili yanayovutana pande tofauti, kwa hiyo kila ukiweka jozi, kundi moja linapata kwa bahati. Zikiwa tatu, yenye urefu wa kati ndo iwe kubwa, wote wawili wanakosa na kila mmoja anakosa kwa njia yake. Toleo la nne: ipi kubwa kuliko zote, A. 0.4, B. 0.63, C. 0.528. Anayesoma kama namba nzima anakwenda C kwa sababu 528 inazidi 63. Wa desimali fupi anakwenda A. Nilipoligundua hili nilisimama peke yangu sebuleni. Vitendo vilikuwa vinne: 1. Nilisoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima nikachukua kubwa. 2. Nilichukua yenye tarakimu chache maana vipande vyake ni vikubwa. 3. Nililinganisha tarakimu ya kwanza baada ya nukta. 4. Nilizikata zote zibaki na tarakimu mbili ndo nikalinganisha. Na chini nafasi ya wazi, nyingine. Hiyo nafasi msiiondoe hata kama haijazwi.

Darasa lingine, watoto 34: C walikuwa 9, A walikuwa 5, B 20. Naingiza mwenyewe kwenye spredishiti, jibu safu moja na sababu safu nyingine, afu nahesabu kila mchanganyiko peke yake:

```
=COUNTIFS(B2:B35,"B",C2:C35,1)
```

Huo mstari niliuandika kwa utaratibu tu, nikijua utaleta sifuri, maana B na sababu 1 haviwezi kukaa pamoja. Ukileta namba nzima hapo unapata 528, sio 63. Ikaja 6. Nikadhani nimekosea kuingiza, nikarudia vikaratasi vyote. Ni 6 kweli.

Nikamwita mmoja, nikamwambia fanya mbele yangu. Akachukua kalamu akaandika 0.400, 0.630, 0.528, afu akasema "mia nne, mia sita thelathini, mia tano ishirini na nane." Amejaza sifuri, na akishajaza sifuri anazisoma kama namba nzima, kwa hiyo sababu 1 ndo inayomfaa kuliko zote nilizomwekea. Mzima kabisa, na kwenye usahihishaji wangu angehesabiwa mgonjwa. Kama ningetumia ile fomu ya kurasa, sababu 1 isingetokea kwa watu wa B, na hawa sita nisingewaona maisha.

Kwa hiyo toleo la tano, linalofanya kazi: sababu 1 sasa inasema "Nilisoma tarakimu kama zilivyoandikwa, bila kuongeza kitu", na nimeongeza ya tano, "Nilijaza sifuri zilingane urefu kwanza." Sahihi ni mbili, namba 3 na 5, na sioni shida yoyote kuwa na mbili. Nimeirudisha kwa walewale sita, wote wameenda 5.

Wamebaki wanne wa sababu 4, wakataji. Hawa kwenye 0.40, 0.63 na 0.52 wanapata vizuri tu, sehemu ya kwanza haiwezi kuwagusa, ni sehemu ya pili peke yake iliyowaonyesha. Nilitakiwa sasa niendelee na swali la pili la orodha, la visehemu, lakini wakataji wamenikaa kichwani. Badala ya kuwauliza walifanyaje, je nikiwaambia watumie njia ileile kwenye jozi nyingine, na hiyo jozi ndo iwe sehemu ya pili? Mkataji wa kweli nikimpa 0.63 na 0.634 lazima aseme zinalingana. Nimeshakata vikaratasi vinne, jina la kila mmoja juu.