Shingo isiyopita kichwa

Jana jioni yule mama wa ploti ya nyuma alinirudishia sweta ya mtoto, ile ya manjano ya kiini cha yai niliyoimaliza Alhamisi. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye kochi, akaniambia kwa upole, "Dada, haipiti kichwani. Nimejaribu mara mbili mtoto akalia." Niliona haya. Baridi hii ya Julai hapa Kayole, mtoto wa miezi sita, na sweta aliyolipiwa inalala kwenye mfuko.

Alipoondoka nilikaa nayo chini ya taa. Kifua sawa, mikono sawa, urefu sawa. Nilipoivuta shingo kwa mikono miwili nikaona kosa mara moja: mbavu za ukingo zilifunguka vizuri kama akodioni, lakini ule mstari wa mwisho wa juu ulisimama kama kamba ya kufungia gunia. Nikaupima ukiwa umevutwa mpaka mwisho. Sentimita 37. Asubuhi nikaenda na tepu kupima kichwa cha mtoto juu ya nyusi na masikio: 43.

Mtoto mchanga ni kichwa kwanza. Kwa mtu mzima shingo ya sweta ikiwa nzuri kwa shingo, mara nyingi itapita kichwa. Kwa mtoto kichwa ni kipana mno ukilinganisha na shingo, kwa hivyo ukipima shingo yake peke yake umejidanganya. Mimi nilifuma kwa kukumbuka sweta ya mpwa wangu, sikupima chochote.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye kufunga vitanzi vya mstari wa mwisho. Nilikuwa na vitanzi 68 kwenye sindano namba 10, ambayo ni nyembamba, na nikafunga kwa sindano hiyo hiyo. Ukifunga, kila kitanzi kinapita juu ya mwenzake na unabaki na mnyororo, na mnyororo hauvutiki kuliko ulivyoufunga. Mbavu zilizo chini yake zinaweza kutanuka, yeye hawezi. Halafu mimi mkono wangu huwa unakaza nikiwa na haraka, na Alhamisi nilikuwa na haraka.

Nikafumua. Ni kazi ya subira: unatafuta ule mkia wa uzi ulioufichia ndani, unaukata kwa uangalifu usiguse mbavu, kisha unarudi kinyume, kitanzi kimoja kimoja, ukivirudisha kwenye sindano kabla havijateleza kushuka chini. Nilivihesabu mara tatu, 68. Safari hii nikafunga kwa sindano namba 6. (Kwa wanaoanza: kwenye sindano zile za zamani zenye namba, namba ikipanda sindano inakonda, na wengi hununua kinyume.) Mnyororo uliolegea hula uzi zaidi, na uzi ule uliofumuliwa uliishia kama vitanzi 10 kabla ya mwisho. Hapo nilishukuru kwa kibonge kidogo nilichobakiza pamoja na karatasi yake. Sweta ya umri huo hunila kama gramu 150, nami hununua vibonge vyote siku moja na kulinganisha namba ya rangi kwenye karatasi, kwa sababu manjano ya leo na manjano ya mwezi ujao ni ndugu tu, si pacha, na tofauti huonekana jua likipiga.

Nikaivuta tena: 46. Ikiachwa inajirudi na kulala shingoni bila kulegea.

Vitambaa vya meza havinifichi kitu namna hii. Nikikroshia duara na kuongeza vitanzi vichache mno, linajikunja juu kama bakuli. Nikizidisha, ukingo unafanya mawimbi. Nalilaza mezani na kosa linaonekana kabla ya kwenda mbali. Sweta hunyamaza mpaka kichwa kifike.

Kwa hao wadogo zaidi nitaanza kuacha bega moja wazi, lenye vifungo vitatu, hata kama inaniongezea jioni nzima. Kifungo kwenye nguo ya mtoto nakivuta kwa nguvu zangu zote baada ya kukishona, maana kikilegea huenda mdomoni moja kwa moja.

Leo saa tisa nilimpelekea. Nilisimama mlangoni wakati anamvalisha. Sweta ilipita masikio, mtoto akafumba macho kidogo, kisha uso ukatokea juu ya manjano. Mama yake akacheka, akanishika mkono. Sikumtoza chochote cha ziada. Nimeandika kwenye daftari langu, karibu na jina la ploti yao: kichwa 43, Julai. Kuna mwingine wa mwezi mmoja anangoja, na kesho nitaenda na tepu kwanza, kabla sijatia hata kitanzi kimoja kwenye sindano.